Simu inazima Njombe, Dar haizimi: namna ya kumwandikia fundi

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu huku Njombe. Simu yangu ina miaka mitatu, inazima yenyewe ikiwa bado ina chaji. Nimeituma Dar kwa basi mara mbili, na mara zote fundi ameirudisha akisema "simu nzima, haina tatizo". Mara ya kwanza aliiflashi na nikalipa 15,000. Ikifika huku inazima tena. Nimwandikieje anielewe? Kila tukiongea tunaishia kubishana.*

Marahaba, mwalimu. Nianze na jambo ambalo huenda halitakufurahisha: fundi wako hakukudanganya. Ilipokuwa mezani kwake, simu ilikuwa nzima kweli. Nimekaa kwenye meza kama hiyo miaka mingi, na simu za namna yako ndizo zinazotutia aibu kuliko zote. Simu iliyokufa kabisa tunaifungua, tunaipima, tunapata pa kuanzia. Inayougua ikitaka na kupona ikitaka inatuacha tukibahatisha, na fundi akibahatisha huanza na kilicho rahisi kwake, yaani kuflashi.

Kwa hiyo usimwandikie barua ya kulalamika. Mwandikie barua itakayomfanya aione simu ikizima mbele ya macho yake. Akiiona, hamtabishana tena.

Tuanze na hilo neno "inazima", maana wateja watatu wanaweza kulitumia na kila mmoja akawa na maana yake. Wa kwanza kioo chake kinakuwa cheusi lakini simu iko hai: ukimpigia, inaita. Huyo ana tatizo la kioo au waya wake. Wa pili simu inajizima na kujiwasha yenyewe, nembo inatokea bila yeye kuigusa. Hapo mara nyingi tunashuku programu, bodi, au kitufe cha kuwashia kilichonasa. Wa tatu simu inakata kabisa kama taa umeme ukikatika, na haiwaki mpaka aiwashe mwenyewe. Siku ikizima tena, chukua simu ya mwenzako uipigie yako kabla hujaigusa. Kisha ibonyeze, uone kama inawaka na inaonyesha chaji kiasi gani. Sekunde thelathini hizo zinampunguzia fundi nusu ya kazi.

Jinsi ulivyoeleza, na mahali unapoishi, vinanifanya nidhani wewe ni yule wa tatu na kwamba betri imechoka. Naweza kukosea, na barua tutakayoandika haitamlazimisha fundi akubaliane nami. Lakini ni vizuri ujue kinachotokea ndani, ndipo utajua cha kuandika na cha kuacha.

Betri ina mambo mawili: kiasi cha umeme uliomo, na wepesi wa kuutoa. Asilimia unayoiona juu ya kioo inakuambia lile la kwanza tu. Fikiria tenki la maji lililojaa nusu, lakini bomba lake lina kutu ndani. Ukifungua koki moja maji yanatoka vizuri. Fungua tatu kwa pamoja, yanadondoka matone, na tenki bado lina maji. Betri ya miaka mitatu ndivyo ilivyo, na kutu ya betri huongezeka kwenye baridi.

Nikupe hesabu ya mfano. Betri ikiwa na asilimia 35 hivi, imetulia, inasoma karibu volti 3.75. Simu nyingi zikiona umeme umeshuka hadi karibu volti 3.3 hujikatia zenyewe. Sasa unapiga simu mahali ambapo mtandao unashika kwa shida, kwa hiyo simu inatumia nguvu kubwa kuufikia mnara. Au unafungua kamera na flashi. Kwa dakika hiyo tuseme inavuta ampea 1.5. Betri mpya yenye ukinzani, yaani ile kutu ya bomba, wa omu 0.1 inapoteza volti 0.15, inabaki 3.6, hakuna shida. Yako iliyochoka, ikiwa Dar kwenye joto, tuseme ina omu 0.2: inapoteza 0.3, inabaki 3.45. Imepona, kwa tabu. Betri hiyohiyo asubuhi ya Julai huko kwenu, hewa ikiwa chini ya nyuzi 10, ukinzani unapanda hadi omu 0.3. Inapoteza 0.45, inabaki 3.3, na simu imekata.

Ndiyo maana Njombe inazima na Dar haizimi. Halafu kuna jambo la pili ambalo fundi anajifanyia mwenyewe bila kujua. Simu ikifika kwake, kitu cha kwanza ni kuichomeka kwenye chaja. Ikijaa, betri inaanzia volti 4.2 au zaidi, na hata ikipoteza 0.45 inabaki mbali na mpaka. Anaifungua kamera, anapiga simu, anacheza nayo saa nzima juu ya meza yenye joto ikiwa na chaji tele. Atauonaje ugonjwa? Ameuponya kwa kuichaji.

Tatizo hili si la simu za bei nafuu peke yake. Apple walilitolea toleo la iOS 10.2.1 mwanzoni mwa 2017, lililokuwa likipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla, na Desemba ya mwaka huo wakawaomba radhi wateja kwa kutowaeleza vizuri.

Sasa kazi yako kabla ya kuandika. Chukua daftari, na kwa siku kumi kila simu ikizima andika mambo matano: saa, asilimia uliyoiona mara ya mwisho, ilikuwa inafanya nini, ilikuwa wapi (mkononi nje, mfukoni, ndani ya nyumba), na ilirudije. Kwenye saa nakuomba uchague moja: ya Kiswahili au ya kwenye kioo cha simu. Niliwahi kuletewa karatasi ambayo "saa 1" ilikuwa asubuhi kwenye mstari mmoja na mchana kwenye mwingine, na nilitafuta tatizo la joto siku mbili nzima kabla sijampigia mwenyewe.

Siku kumi zikiisha anza kujaribu, lakini badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha chaja, ukatoa laini na ukafuta programu siku ileile, simu ikipona hujui kilichoiponya, na isipopona umepoteza siku. Kila jaribio liandike pamoja na muda wake na matokeo yake. "Nimejaribu kila kitu" ni sentensi tunayoipokea kila wiki na haina msaada wowote. "Nimetumia chaja nyingine siku mbili, ikazima mara mbili" inamwondolea fundi njia moja kabisa.

Jaribio moja usiliache: siku tatu mfululizo, asubuhi, ibebe mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, ndipo uitumie kama kawaida ikiwa na chaji ileile ya chini. Kama baridi ndiyo inayoiua, utaona. Jingine ni kuiwasha bila programu ulizopakua. Kwenye Android nyingi unashikilia kitufe cha kuwashia, kisha unashikilia maandishi ya `Power off` mpaka iulize kuhusu `Safe mode`. Ikizima ikiwa humo, programu zako hazina hatia.

Barua yenyewe iwe kama hivi. Tarehe na hesabu ni za mfano wangu, weka za daftari lako.

---

Ndugu fundi,

Habari za kazi. Hii ni simu ileile niliyokutumia mara mbili mwaka huu. Najua kwako haikuzima. Nimegundua inazima katika hali maalumu tu, nazo nimeziandika hapa chini. Tafadhali usiichaji kabla ya kusoma.

Tatizo: inakata kabisa yenyewe ikiwa na chaji kati ya asilimia 25 na 40. Haijiwashi upya. Ukiipigia ikiwa imezima, haipatikani. Ukibonyeza kitufe inafika kwenye nembo na kukata tena. Ukichomeka chaja inawaka, na inaonyesha chaji ileile iliyokuwa nayo, si sifuri.

Lini: kuanzia tarehe 1 hadi 10 Julai imezima mara 9. Mara 7 ni kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, mara 2 ni usiku nikiwa nje. Haijawahi kuzima mchana wala ikiwa juu ya asilimia 50. Mifano:

Tarehe 2, saa 1:20 asubuhi, asilimia 34, napiga simu nikiwa njiani kwenda shule, mtandao unashika kijiti kimoja.

Tarehe 5, saa 2 asubuhi, asilimia 38, napiga picha kwa flashi, imekata flashi ilipowaka.

Tarehe 9, saa 3 usiku, asilimia 29, tochi inawaka na simu ya WhatsApp inaendelea.

Nilichojaribu, kimoja kimoja:

Tarehe 11 na 12, chaja ya mwenzangu: imezima mara 2.

Tarehe 13, nimetoa laini zote na kurekodi video: imezima mara 1.

Tarehe 14 na 15, `Safe mode`: imezima mara 2.

Tarehe 16 hadi 18, nimeibeba mfuko wa ndani wa koti na kuitumia vilevile: haikuzima hata mara moja.

Kuflashi ulikofanya mwezi Juni: ilizima siku ya pili baada ya kufika huku.

Historia: miaka mitatu, betri ni ileile iliyokuja nayo. Iliwahi kudondoka Novemba mwaka jana, kona ya kioo ikapata ufa, lakini kuzima kulianza Mei. Haijawahi kuingia maji. Mgongo haujavimba.

Ombi: ishushe chaji hadi asilimia 35, kisha uiendeshe kamera, tochi na simu kwa pamoja. Ikibidi ipoze kwanza. Ukihitaji kubadilisha kitu, usizidi 50,000 bila kunipigia. Usifute kilichomo. Nimeweka chaja ninayoitumia ndani ya kifurushi.

Mwalimu, Njombe

---

Ni barua ya ukurasa mmoja, na hakuna mahali umemwambia "badilisha betri". Nimeliacha makusudi. Ukimwandikia fundi hukumu, atafanya moja kati ya mawili: atakutii bila kupima, na kama ulikosea unalipa kwa kosa lako, au atakasirika kwamba unamfundisha kazi. Mpe ushahidi, hukumu atoe yeye. Ukiona lazima useme unachoshuku, weka mstari mmoja mwishoni kabisa.

Angalia ule mstari wa "inaonyesha chaji ileile, si sifuri". Fundi mzoefu akiusoma anajua simu haikuishiwa umeme, ilikosa msukumo. Na mstari wa koti ndio mzito kuliko yote, kwa sababu kitu kimoja tu kimebadilika, joto, na tatizo likaondoka. Ule wa kuflashi uandike kwa upole kama nilivyofanya. Ni taarifa, na ukiuandika kwa hasira ataruka mistari mingine.

Kwenye historia sema kweli, hasa kuhusu maji. Wateja wengi huficha wakidhani bei itapanda. Ndani ya simu nyingi kuna kikaratasi kidogo cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji, na tukifungua tunakiona. Tukishakiona, hatuamini tena sentensi nyingine yoyote kwenye barua. Kama uliifukia kwenye mchele, andika pia. Mchele hauondoi chumvi na uchafu ulioachwa na maji kwenye bodi, lakini unatueleza ilikaa na unyevu muda gani.

Atakachofanya akipata barua hii, kama ana vifaa vya kawaida, ni kuishusha chaji na kuilemea kama ulivyoomba. Isipozima kwa joto la Dar, anaweza kuifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kuiweka kwenye friji, sehemu ya kawaida na siyo ya barafu, kwa nusu saa. Aijaribu ikiwa bado ndani ya mfuko, maana akiitoa kwenye hewa ya Dar ikiwa ya baridi, umande utatanda juu yake na ndani yake, na hapo utakuwa na matatizo mawili. Wewe usiifanye hiyo nyumbani. Una Njombe nzima, friji ya nini.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kingine: anaitoa betri na kuilisha bodi kwa pawa sapulai yake kwa volti 3.8 hivi, kisha anailemea simu vilevile. Isipozima, betri ndiyo mkosaji. Ikizima hata hapo, tatizo liko kwenye bodi au viungo vyake, na betri mpya isingekusaidia kitu. Mwombe akuambie alipata nini kwenye kipimo hiki kabla hujakubali kulipia chochote.

Na kama daftari lako litatoka tofauti na mfano wangu? Mathalani simu inakata hata kwenye asilimia 80, mchana, au ukiibana kidogo pembeni, au ukiiweka mezani kwa kishindo. Basi andika hivyohivyo na sahau mambo yangu ya baridi. Hizo ni dalili za kiungo cha betri kilicholegea, kitufe, au bodi iliyopata ufa ilipodondoka, na ule ufa wa kona ya kioo unakuwa na maana mpya. Onyesha kwa kalamu ni upande gani ukiubana inakata. Tumewahi kupata tatizo kwa kufuata alama ya kalamu nyuma ya kava.

Kabla ya kufunga kifurushi, upapase mgongo wa simu. Kama umeinuka au kioo kinaachia pembeni, usiitume kwa basi kabisa. Betri iliyovimba haitakiwi kubanwa chini ya magunia ya viazi kwa safari ya siku nzima. Itolewe hapohapo Njombe na fundi aliye karibu. Kama haijavimba, hamisha picha na namba zako, toa laini na memori kadi, bonyeza `*#06#` na uandike namba ya `IMEI` kwenye daftari lako, kisha itume ikiwa na chaji ya karibu nusu. Neno la siri la kufungulia kioo mpe kwa kumpigia, usiliandike kwenye karatasi inayosafiri na simu.

Ikirudi, usifurahie haraka. Kwenye mfano wetu ilikuwa ikizima karibu mara moja kwa siku, kwa hiyo siku moja bila kuzima haisemi chochote, inaweza kuwa bahati. Mimi huwaambia wateja wasubiri mara tatu ya muda wa kawaida kati ya kuzima na kuzima: siku tatu kwa inayozima kila siku, wiki tatu kwa inayozima mara moja kwa wiki. Kubaliana na fundi kuhusu muda huo kabla ya kulipa, ili ukirudi kwake usionekane msumbufu. Na siku hizo tatu usiijaribu mchana ofisini ikiwa imejaa chaji. Toka nayo saa 1 asubuhi, mkononi, ikiwa na asilimia 35, shuka njia ileile ya shule mpaka pale mtandao unaposhika kijiti kimoja, upige simu.